Siku Mbili za Kuchekwa

Kipenga cha mwisho kililia Jumapili saa kumi na dakika hamsini na mbili, na kabla refa hajakitoa mdomoni, simu ya Eulalie ilikuwa imeshaanza kutetemeka juu ya meza ya cherehani. Ruzizi tatu, Kahuzi yake bila. Eulalie alizima redio, akamalizia mshono wa mkono wa blauzi aliouanza kipindi cha pili, akakata uzi kwa meno. Hakuwa na haraka. Alijua kinachomngoja mle ndani, na alijua kwamba safari hii zamu ilikuwa yake.

Kundi lenyewe liliitwa Derby ni Yetu. Lilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, mashabiki wa timu zote mbili, wengi wao wa mtaa wa Muhumba, na lilikuwa na desturi zake ambazo hakuna aliyeziandika ila kila mtu alizijua. Aliyefungwa anachekwa siku mbili, tangu kipenga cha mwisho hadi Jumanne saa kumi na mbili jioni. Katika siku hizo mbili anatoa picha yake kwenye simu na kuweka nembo ya timu iliyomfunga. Haruhusiwi kutoka kundini. Anayetoka amekimbia vita, na msimu mzima ataitwa kwa emoji ya mtu anayekimbia. Sheria iliyoandikwa ilikuwa moja tu, pale juu kwenye maelezo ya kundi, na aliiandika Papa Stanislas, mwalimu mstaafu aliyekuwa admin: "Tunacheka timu. Hatuingie mu nyumba ya mutu."

Eulalie aliondoa picha yake akaweka mamba wa Ruzizi. Kisha akaingia kundini kuchekwa.

Na waliokuwa wakimngoja walikuwa wengi, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa na mkono mchungu wa utani. Katika mechi ya kwanza ya msimu, Kahuzi iliposhinda mbili kwa bila, yeye ndiye aliyebuni mchezo wa mimba. Timu ikifungwa, basi imetiwa mimba. Kila goli ni mtoto. Alimtumia Polycarpe, msemaji wa watu wa Ruzizi, mwanamke mwenye mimba na chupa mbili za maziwa: 🤰🍼🍼. Chini yake akaandika: "Mapacha! Félicitations, papa." Watu walicheka wiki nzima. Hata padri msaidizi, aliyekuwa kundini kwa jina la Kahuzi wa Kweli, alituma uso unaolia machozi ya kicheko. Tangu siku hiyo mchezo ulikuwa wa wote.

Kwa hiyo Jumapili hii chupa zilikuja tatu tatu. Zilikuja kutoka kwa watu aliowafahamu na kutoka kwa namba zisizo na majina. Wengine walituma sokwe wa Kahuzi akiwa amefungwa kitambaa cha wajawazito, stika aliyoichora fundi wa simu mmoja kwa ustadi wa kutisha. Polycarpe, muuza vipuri vya pikipiki, baba wa watoto sita, alituma sauti ya mtoto mchanga analia, mara tatu, na chini yake: "Maman Eulalie, njo ubebe bajukuu bako."

Eulalie alicheka peke yake chumbani. Alijibu kwa gari la wagonjwa na miwani: refa apelekwe kupimwa macho. Akajibiwa kwa picha ya kipa wa Kahuzi mikononi mwa wakunga. Akatuma mamba akila peremende: mamba huyu huyu, katika mechi ya kwanza, alilala njaa. Ilikuwa raha. Tuseme ukweli, katika nyumba yake tulivu, siku hizi mbili, hata za kushindwa, zilikuwa siku ambazo watu mia mbili walimjua.

Labda ndiyo maana hakusimama mahali pa kusimama. Polycarpe aliandika tena: "Batoto batatu mu dakika makumi kenda! Unajua kuhesabu, maman?" Na Eulalie, vidole vikiwa vimeshapata moto, akajibu: "Weye njo ujue kuhesabu. Bako uliisha kubahesabu? Kila quartier, kila mutaa, iko na mumoja 👶📍👶📍👶📍😂"

Kundi lilipasuka. Nyuso za kicheko zilishuka kama mahindi yakimwagwa. Lakini Adèle, mke wa Polycarpe, alikuwa humo kundini, na mwaka uliopita mtaa mzima ulisikia namna alivyolia alipoletewa mlangoni mtoto wa sita, ambaye si yeye aliyemzaa. Eulalie alilikumbuka hilo sekunde tatu baada ya kutuma. Alibonyeza ujumbe ili aufute kwa wote, lakini wengi walikuwa wameshausoma; akauacha. Polycarpe alikuwa akiandika.

Aliandika kwa muda mrefu. Neno lile dogo la simu, "écrit…", lilitokea, likapotea, likatokea tena. Kisha ujumbe ukaja:

"Aksanti maman. Miye niko nazo sita. Timu yako leo imezala tatu. Weye miaka kumi na moja ya ndoa, score iko 0-0 na prolongation haiko 🤰🚫🍼🕸️🌵"

Eulalie aliusoma mara moja, kisha akaziangalia zile emoji moja moja, kama mtu anayesoma herufi za lugha mpya. Mimba. Marufuku. Chupa. Utando wa buibui. Mti wa miiba wa jangwani. Chini ya ujumbe ule kicheko kilikuwa kikihesabika: nyuso kumi na mbili, ishirini, thelathini na moja. Watu wasiothubutu kusema kitu walithubutu kubonyeza.

Ukiibonyeza ile hesabu, simu inakuonyesha nani na nani. Hakupaswa kubonyeza. Alibonyeza. Majina yalifunguka kama orodha ya waliohudhuria: Pascaline mteja wake, Thierry wa salon, Mama Glody mke wa admin, Ezéchiel wa kwaya. Na katikati yao, na picha ile ya shati jeupe ambayo Eulalie mwenyewe alimpiga siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yake: Hugues. Mume wake. Uso unaocheka hadi machozi.

Alibaki akilitazama jina lile. Na alipokuwa akilitazama, likatoweka. Hesabu ikashuka kutoka arobaini na saba hadi arobaini na sita.

*

Hugues alirudi kutoka uwanjani na skafu ya Ruzizi shingoni na koo lililokauka kwa kuimba. Alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Safari hii alivivua taratibu mno.

"Mulituponda," alisema Eulalie.

"Eeh. Ile ya tatu ilikuwa offside lakini."

"Kula iko mu sufuria."

Alikula. Yeye akaendelea kushona. Mwishowe ni Hugues aliyeshindwa kuvumilia.

"Ile ya Polycarpe, nimeiona. Ni mupumbavu. Nitamupigia Papa Stanislas aitoshe, aifute."

"Uliiona wakati gani?"

"Sasa hivi tu. Mu njia."

"Hugues. Jina yako ilikuwa mule ndani. Niliiona. Na ilipotoka, nilikuwa naangalia."

Kijiko kilisimama. Alikuwa na uso usiojua kudanganya, masikini, na ndiyo maana alizoea kuuinamisha.

"Nilikuwa katikati ya bantu," alisema. "Kila mutu anacheka, simu ziko mikononi, Thierry ananiangalia nitafanya nini. Kama ningekasirika, bangejiuliza juu ya nini ninakasirika hivi. Kidole ilienda yenyewe. Halafu nikaitoa mbio."

"Ni kweli. Uliitoa mbio."

Wote wawili walijua kile kilicholala kabatini ndani ya bahasha ya hospitali, chini ya vyeti vya ndoa: karatasi mbili. Ya Eulalie ilisema hana tatizo. Ya Hugues ilikuwa na sifuri katika mstari ambao haukupaswa kuwa na sifuri. Miaka saba karatasi zile zilikuwa pale. Hugues alilia siku ile kwa namna ambayo Eulalie hakuwahi kumwona mwanamume akilia, na yeye akamwambia bila kufikiri: itabaki yetu. Alifikiri watabeba wawili. Lakini watu hawamuulizi mwanamume. Mama mkwe alituma mizizi kutoka Mudaka ije ichemshwe kwa ajili yake. Wanawake wa parokia walimwombea yeye. Katika mtaa ambao kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Glody, Mama Thierry, yeye peke yake alibaki Maman Eulalie, jina lake mwenyewe, kama msichana aliyechelewa kuolewa.

"Andika mu groupe," alisema.

"Niandike nini?"

"Ukweli. Mustari moja tu. Sema: hapana yeye, ni miye."

Hugues aliichukua simu. Hilo lazima tumpe, aliichukua. Eulalie akafungua yake, akaona juu ya kundi, kwa herufi za kijani: "Hugues écrit…" Wakakaa hivyo, mume na mke katika chumba kimoja, hatua tatu kati yao, yeye akimwangalia mumewe kwenye kioo cha simu kwa sababu kumwangalia usoni kungemkatisha. Neno lilipotea. Likarudi. Likapotea.

"Maman atasikia," alisema Hugues. "Bantu ba kazi. Batoto ba Ezéchiel batanichekea ku njia. Eulalie, siwezi. Omba kitu ingine yote."

"Haiko kitu ingine," alisema Eulalie, akaiweka simu kifudifudi.

*

Asubuhi, ujumbe haukuwapo. Mahali pake palibaki mstari wa kijivu: ujumbe huu umefutwa na admin. Papa Stanislas alikuwa amelifunga kundi, akiandika yeye tu: "Sheria imevunjwa mara mbili. Bote babili Jumanne kwangu, saa kumi. Casier moja ya bière kila upande."

Kufutwa hakukusaidia kitu. Pascaline alikuja kuchukua blauzi yake, akaijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akasema mkono umekaa vizuri. Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Maman Eulalie, pole. Ile kintu iko mu groupe ya kwaya, mu groupe ya bamama ba soko, kila pahali. Mutu alipiga capture, picha ya ujumbe, kabla Papa Stanislas aitoshe." Akamshika mkono. "Usilie. Mungu ana wakati wake. Na bwana yako ni mutu muzuri sana. Mwanaume mwingine angeshakufukuza."

Eulalie alikunja blauzi, akaitia mfukoni, akamkabidhi. Alitaka kumwambia kwamba aliona jina lake kwenye orodha, na uso gani alioweka. Badala yake akasema aksanti. Pascaline alipokwisha kutoka, alikaa mbele ya cherehani bila kutia uzi hata mmoja. Alifungua simu, akatafuta mtu wa kumwandikia. Dada yake angesema alijua tu. Padri angesema sali. Mtu pekee aliyejua yote, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akimwandikia kila neno la kichekesho linalomjia, alikuwa Hugues. Aliangalia majina hadi mwisho wa orodha, akarudi juu, akaifunga.

*

Jumanne kulinyesha hadi saa tisa. Sebule ya Papa Stanislas ilikuwa na watu kumi na saba na harufu ya viatu vyenye maji. Chupa zilikuwa bado zimefungwa mezani. Desturi ilitaka watu waombane msamaha kwanza. Watu wa Kahuzi walikaa upande wa dirisha, watu wa Ruzizi upande wa kabati, na Hugues, kwa kuwa alikuwa Ruzizi, alikaa kwa kabati. Hakuna aliyeona ajabu.

"Tunaanza na aliyeanza," alisema Papa Stanislas, miwani kwenye paji la uso. "Nimesoma yote kabla sijafuta. Maman Eulalie, ni weye uliingia wa kwanza mu nyumba ya mwenzako."

"Ni kweli, papa." Eulalie alisimama. Alimgeukia Adèle, aliyekaa mlangoni na mtoto mapajani, mtoto yule yule wa sita, akiwa amemvisha vizuri. "Mama, nilikuumiza weye, na weye haukuniandikia hata neno moja. Nilitaka bantu bacheke. Nilikumbuka machozi yako wakati nimeshatuma. Unisamehe."

Adèle alimsogeza mtoto mapajani. "Niliicheka pia," alisema polepole, "ile ya Polycarpe. Nilifurahi. Na weye unisamehe."

Kukawa na mnong'ono wa kuridhika. Polycarpe akasimama, mtu mnene, akisugua kofia yake. Hakuwa mtu mbaya; Jumapili ile ile alikuwa amembeba mzee wa Kahuzi kwenye pikipiki kutoka uwanjani bila kudai kitu.

"Miye nilikuwa na hasira, mama," alisema. "Ukanigusa batoto, nikatafuta fasi ya kukugusa. Mpira ni mpira. Lakini ile haikuwa mpira. Kama muke hazale, si kosa yake, ni Mungu. Hatupashwe kumuchekea mutu juu ya ugonjwa yake. Unisamehe. Na weye Hugues, unisamehe, nilikutukania muke."

"Ni vile," walisema watu. "Ni kweli."

Eulalie alikuwa bado amesimama. Msamaha wa Polycarpe ulikuwa wa kweli, na ulimkata kuliko tusi, kwa sababu tusi lilifutika na huu ungebaki. Ugonjwa yake. Alimtazama Hugues. Watu wote walimtazama Hugues, kwa kuwa aliyeombwa msamaha lazima ajibu. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Polycarpe mwenyewe alikuwa ameufungua. Kilihitajika kitu kidogo sana. Hata kusema tu, haiko yeye, ingetosha.

Hugues alikohoa. Alitazama chupa.

"Miye na muke wangu tumesamehe," alisema. "Tuachie Mungu."

Makofi yalipigwa. Mtu akatafuta kifungua chupa. Mama Glody akasogea, akamwekea Eulalie mkono mgongoni, akasema kwa upole, kwa sauti ya kusikika, "Mama, tunakufanyia novena, sisi bamama bote. Tumbo itafunguka."

"Aksanti, Mama Glody," alisema Eulalie. "Lakini ya miye haikufungwa."

Kifungua chupa kilisimama hewani.

"Nilipimwa. Karatasi iko ku nyumba tangu miaka saba. Niko muzima." Sauti yake haikupanda. "Musiombe juu yangu tena. Musinitumie mizizi. Ninachoka."

Hakusema zaidi, na hakumtazama mtu. Haikuhitajika. Watu kumi na saba walifanya hesabu moja kwa wakati mmoja, na mmoja mmoja macho yakahama kutoka kwake, yakavuka meza, yakafika upande wa kabati. Hakuna aliyecheka. Polycarpe aliangalia kofia yake. Thierry wa salon, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na Hugues, alisogea kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati.

Papa Stanislas alishusha miwani. "Basi," alisema. "Basi. Fungueni chupa."

*

Walitoka pamoja, kwa kuwa walikuja pamoja. Njia ya kupanda nyumbani ilikuwa tope jekundu, na maji yalikuwa yakishuka katikati yake. Hugues alitangulia hatua mbili, kisha akasimama chini ya ukuta wa jirani, mvua ikimpiga usoni.

"Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi."

"Miaka saba, Eulalie."

"Saba. Niliibeba peke yangu. Jumapili nilikuomba tu ushike upande moja. Leo nikakuomba tena, na haukusikia, juu nilikuomba kwa macho."

Hugues alipangusa uso kwa skafu ya Ruzizi. Hakuwa na hasira hata. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. Alionekana mdogo, na Eulalie alimhurumia kwa huruma ile ile ya siku ya hospitali. Haikuwa imekwisha. Hilo ndilo lililomshangaza.

"Sasa bataniita nini?" aliuliza Hugues.

Eulalie aliyajua majina yote. Aliyajua yanayosemwa usoni na yanayosemwa mgongoni, yanayokuja na kicheko na yale mabaya zaidi, yanayokuja na pole. Alijua mahali pa kutazama wakati yanaposemwa, na namna ya kuendelea kukunja nguo mpaka mtu aondoke.

"Bintu mingi," alisema. "Kuja. Nitakufundisha namna ya kuitika."

Alimnyoshea mkono. Hugues aliutazama, akaitazama njia iliyo nyuma yake, ambako watu wa kundi walikuwa wakitoka getini wawili wawili wakifungua miavuli. Akarudisha mikono mifukoni.

"Tangulia," alisema. "Nakuja."

Eulalie akatangulia. Kwa muda alisikia viatu vya Hugues nyuma, vikivuta tope, mbali kidogo, kama vya mtu asiyetaka kuonekana anafuatana naye. Alipofika kwenye kona alipunguza mwendo ili amsubiri. Alisikia mvua tu.